Jina nimeweka, namba bado inaonekana

"Fundi, nauza mikeka na vikapu vya ukindu hapa Bagamoyo, na wateja wangu wengi wako kwenye kundi la Telegram. Nimeweka jina la mtumiaji ili namba isionekane, lakini watu nisiowajua bado wananipigia usiku. Nimekosea wapi?"

Dada, jina la mtumiaji peke yake halifichi namba. Linakufungulia mlango wa pili, mteja akufikie kwa `t.me/jina_lako` bila kuiomba namba. Mlango wa kwanza unabaki wazi mpaka uufunge mwenyewe.

Fungua Settings, ingia Privacy and Security, kisha Phone Number. Swali la kwanza linauliza nani aione namba yako. Ukikuta Everybody, basi kila mwanakundi anayegusa jina lako anaisoma. Weka Nobody. Ukishaweka, chini yake hutokea swali la pili, nani aweze kukupata kwa kutumia namba. Hapo weka My Contacts. Hili la pili watu huliruka. Likibaki Everybody, mtu anayebahatisha namba na kuzihifadhi kwenye simu yake ataletewa akaunti yako, na hapo atajua namba ile ni ya muuza vikapu mwenye picha ile.

Nasisitiza hili kwa sababu kwetu namba ni zaidi ya simu. Mtu akianza kukutumia pesa kwa simu, kabla hajathibitisha huonyeshwa jina ulilosajilia laini. Kwa hiyo aliyeiona namba yako kundini anaweza kukupigia akikuita kwa majina yako kamili, akajifanya wakala au ofisa wa kampuni ya simu, nawe ukamwamini.

Mpangilio huu hauwafuti waliokwisha kuihifadhi namba yako. Hao wataendelea kuiona na kupiga. Nahofia wanaokusumbua usiku ni miongoni mwa hao, au waliisoma kwenye tangazo la zamani. Pitia picha za bidhaa na maelezo ya wasifu wako, uifute kila ilipoandikwa. Pia unapomwongeza mteja kwenye orodha yako, kuna kisanduku kinachosomeka Share my phone number. Kikiwa na tiki unampa namba yeye mmoja, hata kama umeweka Nobody. Kiondoe tiki kwanza, ndipo uhifadhi.

Kisha jaribu. Azima simu ya mtu mwenye Telegram ambaye hajahifadhi namba yako, aliye kwenye kundi lako la wateja. Afungue wasifu wako: anapaswa kuona jina la mtumiaji bila namba. Akiona namba, rudi kwenye swali la kwanza. Asipoiona na simu za usiku zikaendelea, ujue namba hiyo imeshasambaa. Tafuta laini nyingine ya biashara, na usiiandike popote.