Bando la sato: jinsi ubao wangu wa bei ulivyoongeza mauzo na kula faida

Mgahawa wangu uko Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nauza sato wa kukaanga na ugali, na wateja wangu wengi ni watu wa sokoni, madereva na vijana wa ofisini wanaoshuka saa saba mchana. Kwa siku ya kawaida napata wateja kama 60. Mwaka jana niliamua kupanga vifurushi kwenye ubao wa bei ili kila mteja atumie zaidi kidogo. Mara ya kwanza mauzo yalipanda na mimi nikabaki na hela kidogo kuliko zamani. Nilichukua karibu mwezi mzima kuelewa kwa nini.

Nianze na bei zenyewe. Nitatumia sato wa kati peke yake ili hesabu isituchanganye. Sato nauza 8,000, na hadi anafika mezani, mafuta na mkaa vikiwemo, amenigharimu 5,200, kwa hiyo ananiachia 2,800. Ugali 1,000 unaniachia 600. Mboga, mchicha au matembele, 1,000 inaniachia 700. Soda 1,000 inaniachia 350 tu, kwa sababu mwenye faida ya soda ni yule wa kreti, si mimi. Juisi ya ukwaju ninayoitengeneza mwenyewe nauza 2,000 kwa glasi, na inaniachia 1,300. Kachumbari na pilipili ni bure, kama kwa kila mtu hapa mjini.

Kabla sijabadilisha chochote niliandika kila bili kwenye daftari kwa siku 14. Sikutumia mashine, nilichora mistari tu: nani kachukua nini. Kwa wastani, katika kila wateja 20, 13 walichukua samaki na ugali wakanywa maji yetu ya jagi. Wanne waliongeza soda. Wawili walichukua kila kitu, yaani samaki, ugali, mboga na juisi. Mmoja alitaka samaki mtupu wa kwenda naye. Ukijumlisha bili za hao 20 unapata 189,000, sawa na 9,450 kwa mteja. Faida inayobaki baada ya gharama za chakula na vinywaji ni 3,640 kwa mteja.

Sasa kosa langu. Sote tumezoea mabando ya simu, kwa hiyo nikawaza vivyo hivyo: rundika vitu vingi, punguza bei, watu watachukua. Nikaandika kwa chaki ya njano: samaki, ugali, mboga na soda, 9,500 badala ya 11,000. Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Watu 14 katika kila 20 walichukua bando. Wastani wa bili ukapanda hadi 9,600. Binti anayenisaidia kaunta akawa anasema, "Mama, leo wamekula kweli kweli."

Lakini jioni nikitenga hela ya samaki wa kesho, kinachobaki kilikuwa kimepungua. Nikarudi kwenye daftari. Vitu vinne vya bando vikiuzwa kimoja kimoja vinaniachia 4,450. Nimepunguza 1,500, nabaki na 2,950. Yule yule mteja zamani alikuwa ananunua samaki na ugali kwa 9,000 na kuniachia 3,400. Nilikuwa nampa mboga na soda juu, nachukua 500 zaidi kutoka mfukoni mwake, na mimi napoteza 450. Faida kwa mteja ilishuka kutoka 3,640 hadi 3,255. Kwa wateja 60 ni zaidi ya 23,000 kila siku, na wastani wa bili, ile namba niliyokuwa naishangilia, ulikuwa umepanda.

Kwa hiyo ukipanga kifurushi, swali la kwanza si kama mteja atalipa zaidi. Jiulize: punguzo ninalotoa linalipwa na kitu gani ndani ya kifurushi? Soda haiwezi kulipa punguzo la mtu yeyote, ina 350 tu. Samaki naye hawezi, maana bei yake Mwaloni inabadilika asubuhi kwa asubuhi. Vyenye uwezo huo kwangu ni viwili tu: mboga na juisi.

Nikafuta ubao. Kifurushi kipya kikawa samaki, ugali, mboga na juisi. Kimoja kimoja ni 12,000, nikakiuza 11,000. Kinaniachia 4,400. Mteja wa samaki na ugali akipanda, analipa 2,000 na kupata vitu vya 3,000, na mimi naongeza 1,000 juu ya 3,400 niliyokuwa napata. Hapo wote wawili tumeshinda.

Kuna mtu mmoja ambaye kifurushi chochote kinanitia hasara kwake: yule aliyekuwa ananunua vyote kwa bei kamili bila kuombwa. Ndiyo maana daftari la kabla ni muhimu. Kwangu walikuwa wawili katika 20, kila mmoja nampunguzia 1,000 ya bure, jumla 2,000. Kila anayepanda kutoka samaki na ugali ananiletea 1,000. Nikihitaji tu kurudi nilipokuwa, wapande wawili. Kama daftari lingeonyesha kwamba wanaonunua vyote ni kumi katika 20, nisingeweka kifurushi kabisa. Ningewapunguzia watu ambao hawajalalamika.

Halafu ikaja shida ya samaki. Niliandika 11,000 kwa rangi ya mafuta, nikijidai mjanja. Wiki mbili baadaye ziwa likachafuka kwa upepo, sato akapanda, na mimi nina bei ya rangi ukutani. Siku tatu nilikaanga nikiwa nimenuna. Dawa yake ikawa kutenganisha kinachoyumba na kisichoyumba. Sasa ubao wangu una sehemu mbili. Juu, kwa chaki, naandika kila asubuhi sato na ugali wake kwa ukubwa: mdogo 7,000, wa kati 9,000, mkubwa 13,000, au bei yoyote ya siku hiyo. Chini, kwa rangi, mstari mmoja usiobadilika: "Kamili: ongeza 2,000 upate mboga na juisi." Bando limehama kutoka kwa samaki likakaa kwenye nyongeza. Mwaloni wakipandisha, napandisha chaki tu.

Faida nyingine ya mpango huu nilikuja kuiona baadaye. Ngazi tatu za samaki zinafanya kazi zenyewe. Ilipokuwa mdogo na wa kati tu, wengi walishika mdogo. Nilipoweka mkubwa juu kabisa ya orodha, wanaomnunua wakawa wachache, lakini wa kati akaacha kuonekana ghali. Angalizo: usiandike mkubwa siku ambayo huna. Mtu akishaamua 13,000 kisha ukamwambia wamekwisha, mara nyingi haangukii wa kati. Anaguna, anaagiza mdogo.

Majina nayo yaliniumbua. Mwanzoni niliita ngazi zangu "Ya Kawaida", "Ya Kati" na "Ya Bosi". Akaja mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, akasoma ubao taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo mayu, mimi ni wa kawaida?" Alicheka, lakini siku hiyo alikula samaki bila kuniambia habari za ng'ombe wake kama kawaida yake. Nikafuta. Mpe mteja jina la chakula, usimpe cheo.

Kachumbari pia. Ili kifurushi kionekane kirefu niliongeza neno "kachumbari" kwenye mstari wa Kamili. Mchana huo huo kijana wa bodaboda akaniuliza kama asiyeongeza 2,000 hapewi kachumbari tena. Kitu ambacho watu wamezoea kupewa bure usikiingize kwenye kifurushi. Unawafanya wahisi umewanyang'anya.

Nilitaka kuweka chipsi badala ya mboga, maana vijana wanazipenda. Zilishindikana kwa sababu ya karai. Saa saba mchana karai mbili zote zina samaki, na sahani ya chipsi inamchelewesha mtu wa meza ya pili. Mboga imeshapikwa saa tano, juisi iko kwenye ndoo ya barafu. Kinachoingia kwenye kifurushi kiwe kinachotolewa kwa mkono mmoja. Ila juisi ina masharti yake: ile 1,300 ipo pale tu juisi inapoisha. Wiki ya kwanza nilimwaga karibu lita nane kwa ajili ya umeme kukatika na tamaa yangu. Sasa natengeneza kwa makadirio ya jana, na ikiisha saa tisa, imeisha.

Watu watajaribu kukibomoa kifurushi, jiandae. "Nipe Kamili bila juisi, nitoe 9,500." Jibu langu ni kwamba punguzo ni la vyote pamoja, na ubao una bei ya kila kitu: bila juisi ni 10,000. Lakini akitaka soda mahali pa juisi, namkubalia palepale kwa 11,000 ile ile. Nilipiga hesabu: samaki, ugali, mboga na soda kwa bei zao ni 11,000 kamili, hakuna punguzo nililotoa, na zinaniachia 4,450. Nazidi kwa 50. Yeye anaona nimemsikiliza.

Namna ya kusema mezani ilibadilisha mengi kuliko nilivyotarajia. Binti alikuwa anauliza, "Utaongeza kitu kingine?" Jibu la swali hilo Mwanza nzima ni hapana. Sasa anauliza, "Kaka, nikuletee ya Kamili au samaki na ugali?" Zote mbili ni chakula, hakuna anayeombwa kuongeza. Nilimkataza kuuliza mara ya pili.

Nilipima tena siku 14, nikikwepa mwisho wa mwezi kama nilivyofanya mwanzo, kwa sababu wiki ya mishahara hata ubao mtupu unauza. Katika kila 20, wanane walibaki na samaki na ugali, wawili na soda, tisa wakachukua Kamili, mmoja samaki wa kwenda naye. Wastani wa bili ni 9,950, faida 3,855. Ukilinganisha na mwanzo ni nyongeza ya 215 kwa mteja, karibu 13,000 kwa siku. Si hela ya kununua gari, lakini inamlipa binti na inabaki.

Jumapili wanakuja na familia na wanataka sinia la watu wanne. Hapo daftari langu linanichanganya, maana bili moja ya 40,000 inainua wastani wakati kwa kichwa ni 10,000 tu. Kwa hiyo Jumapili nahesabu vichwa, siyo bili, na sinia bado sijaliandika kwa rangi. Lipo kwa chaki, kwenye kona.