Tao la geti, na kipeuo kisichokatwa vipande

*Assalaam alaykum Maalim. Nasoma kidato cha sita hapa Wete. Ami yangu ana karakana ya kuchomelea, kapewa kazi ya tao la geti lenye umbo la parabola: upana wa chini mita 4, kimo cha katikati mita 2. Kaniambia nimtafutie urefu wa bomba. Nimeandika y = 2 − x²/2, nikatumia intigrali ya urefu kutoka 0 hadi 2, nikazidisha mara mbili, nikapata mita 8. Mwenzangu kapata 4. Noti zetu za tuisheni zina njia fupi, nayo inatoa 6.67. Tumpe Ami ipi?*

Waalaykum salaam, mwanangu. Msimpe hata moja. Na kabla hujaniandikia mistari yako ya hesabu, nishajua wewe na mwenzako mlipopotea, maana ugonjwa huu nauona kila mwaka, Unguja na Pemba, kwenye daftari safi na daftari chafu. Mmefika kwenye √(1 + x²) vizuri kabisa, kisha mkakikata kipeuo: mzizi wa 1 ni 1, mzizi wa x² ni x, basi ikawa 1 + x.

Hebu weka namba. Chukua 9 na 16. Jumla yake ni 25, kipeuo chake 5. Ukikata kwanza utapata 3 na 4, jumla 7. Mtoto wa darasa la saba anajua kuwa 5 si 7, lakini mkishaona alama ya intigrali mbele yake mnasahau.

Sasa tazama kosa lenu linasema nini hasa, kwa sababu halikutoa 8 kwa bahati. Intigrali ya urefu imejengwa kwa vijipande vya hanamu. Kila ukisogea kidogo kwa ulalo, dx, tao linapanda au kushuka kidogo, dy, na kipande cha bomba ndio upande wa hanamu wa pembetatu mraba hiyo ndogo. Pithagorasi ndiye aliyeleta kile kipeuo. Ukiandika 1 + x badala yake, huendi tena kwa hanamu: unakwenda mbele, kisha unapanda wima, mbele tena, wima tena, kama mtu anayepanda ngazi. Na ngazi hata uzifanye ndogo kiasi gani, jumla yake haibadiliki. Upande mmoja wa geti una mita 2 za ulalo na mita 2 za wima, jumla 4, na pande mbili ni 8. Hilo ndilo jibu lako. Si urefu wa tao, ni urefu wa fremu ya mstatili inayolizunguka juu na ubavuni.

Mwenzako kafanya kosa lilelile, ila hakuangalia alama. Yeye kaichukua dy/dx = −x kama ilivyo, akaintigreti 1 − x kutoka −2 hadi 2. Upande wa kushoto tao linapanda, wa kulia linashuka, kupanda kukafuta kushuka, zikabaki mita 4 tupu. Yaani kwa hesabu yake geti lenye tao na geti lenye bomba lililonyooka yanakula chuma sawa! Hapo mtu hahitaji kalkuleta kujua kuna jambo.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wachore mipaka miwili kabla ya kuintigreti. Nyosha uzi kutoka mguu wa tao hadi kileleni, halafu ushuke hadi mguu wa pili: 2√8, karibu mita 5.66. Tao limepinda, kwa hiyo lazima lizidi hapo. Na lazima lipungue 8 ya fremu. Jibu lolote nje ya 5.66 na 8 litupwe bila huruma.

Hesabu yenyewe ni hii. Tao lina pande sawa, basi fanya nusu kisha zidisha mara mbili:

L = 2 ∫₀² √(1 + x²) dx

na

∫ √(1 + x²) dx = ½ [ x√(1 + x²) + ln(x + √(1 + x²)) ]

Usiikariri tu hiyo ya pili, ijaribu kwa kurudi nyuma. Dirivativu ya x√(1 + x²) ni √(1 + x²) + x²/√(1 + x²). Ile ya ln inatoa 1/√(1 + x²). Vipande viwili vyenye kipeuo chini vikijumlishwa vinakuwa (1 + x²)/√(1 + x²), ambayo ni √(1 + x²) nyingine. Sasa unazo mbili, na ile nusu ya mbele inabakisha moja. Weka 2, toa 0:

L = 2√5 + ln(2 + √5) ≈ 4.472 + 1.444 = 5.916

Mita 5.92. Ukitaka kujihakikishia bila intigrali, gawa nusu ya tao kwa vipande vinne vya nusu mita na upime hanamu za kila kimoja: 0.515, 0.625, 0.800, 1.008. Mara mbili ya jumla ni 5.90, pungufu kwa sentimita 2 tu, na ni haki iwe pungufu, kwani hanamu hukata njia.

Sasa hiyo 6.67. Najua ilikotoka: upana + 8 × kimo² ÷ (3 × upana). Si uongo, na hilo ndilo linaloniudhi, kwani iliandikwa na watu wanaojua, kwa mipindo iliyolala, kama waya unaolegea kidogo baina ya nguzo mbili. Waliokuja kuinakili kwenye noti wakaiacha sharti yake njiani. Kwa upana wa mita 4 na kimo cha sentimita 20, inakosea chini ya milimita moja. Pandisha kimo kiwe mita 1: urefu wa kweli ni 4.591, fomula inasema 4.667, umeshapoteza sentimita saba na nusu. Kwenye geti la Ami yako, kimo ni nusu ya upana, kosa ni sentimita 75. Huo ni mguu mzima wa meza. Anayekuuzia njia fupi bila kukuambia inakufa wapi hajakusaidia, kakuachia deni la kulipa kwenye chuma.

Na hata 5.92 usimpelekee Ami kabla hujamuuliza swali moja: zile mita 4 na 2 zimepimwa wapi, ndani ya tao au katikati ya bomba? Kama ni ukingo wa ndani na bomba lina unene wa sentimita 5, mstari wa katikati uko nje zaidi kwa sentimita 2.5. Kutoka mguu hadi mguu bomba linageuka nyuzi karibu 127, ambazo ni radiani 2.21, na 2.5 × 2.21 inaongeza sentimita 5.5. Urefu wa kukata unafika 5.97. Kwa bomba la mita 6 zinabaki sentimita 3 tu za kurekebishia miguu. Alipime kwa futikamba kwanza hapohapo dukani, kwani yapo yanayoitwa ya mita 6, ukiyapima ni 5.8, na hayo yatamlazimu kuunga.