Nilifurahi faili lilikuwa la MB 2, kumbe ndilo lililoniumiza

Juzi usiku msomaji mmoja, binti wa Mwanza anayeanza kujifunza Python, alinitumia picha ya skrini yake. Alikuwa anatafuta VS Code, programu ya kuandikia msimbo. Akaishia na kivinjari kinachofungukia ukurasa asioujua, na programu inayomwambia kompyuta yake ina mamia ya matatizo, alipie ndipo yatengenezwe. "Kaka, nimekosea wapi?" Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Hilo swali nimewahi kujiuliza mwenyewe, tena kwa machungu.

Mwaka 2021 nilinunua kompyuta ya mtumba Kariakoo, yenye RAM ya GB 4 na betri isiyomaliza hata nusu saa. Bando langu lilikuwa la usiku tu. Saa saba usiku nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia kwamba nataka VS Code ya bure, nikabofya tokeo la kwanza. Juu yake palikuwa na neno dogo, "Ad". Nililiona. Sikujua kwamba maana yake ni tangazo la kulipiwa, kwamba mtu yeyote mwenye hela anaweza kukaa juu ya tovuti yenyewe.

Ukurasa ulikuwa unapendeza, na faili likashuka kwa sekunde chache, MB 2 tu. Nikajisifu kwamba nimeokoa bando! VS Code halisi ya Windows ni karibu MB 100. Kile nilichoshusha kilikuwa kipakuzi tu, kijiprogramu kinachoingia kwanza halafu kinawaita wenzake. Kikaniletea visanduku vilivyokwisha kutiwa tiki, nami nikabonyeza "Next", "Next", "Next" kama mtu anayekimbizwa. Na kilichonipumbaza zaidi ni kwamba VS Code yenyewe ilikuja mwishoni, ikafunguka, ikafanya kazi vizuri. Ningeshuku nini?

Wiki mbili baadaye akaunti yangu ya mtandao wa kijamii ikaanza kuwaomba ndugu zangu hela. Shangazi alituma elfu hamsini. Hakuniambia mpaka Krismasi, tena aliniambia mbele ya watu, huku rafiki yangu mmoja akiuliza mimi ni mwanaprogramu gani nisiyejua kupakua programu. Hilo sijalisahau, na yeye anajua.

Nilibadilisha nywila siku ileile, wezi wakaendelea kuingia. Kwa nini? Unapoingia kwenye akaunti, kivinjari kinahifadhi kuki, mfano wa kitambulisho kinachosema huyu alishakaguliwa mlangoni. Programu za wizi zinabeba nywila zilizohifadhiwa pamoja na kuki hizo. Kwenye tovuti nyingi, mwenye kuki anapita bila kuulizwa nywila. Kwa hiyo ukishaumwa, tumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi, badilisha nywila, kisha tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote. Ile kompyuta iliyoambukizwa, mimi nilifuta diski nikasakinisha Windows upya. Kuondoa programu moja moja ningebaki na wasiwasi hadi leo.

Sasa, namna ya kuzuia. Kwanza, acha kutafuta kitu ambacho anwani yake unaijua. Andika mwenyewe: VS Code ni code.visualstudio.com, Python ni python.org, Git ni git-scm.com. Ukipewa linki na mtu, isome kuanzia alama ya mkwaju, /, ya kwanza baada ya jina, ukirudi kushoto. Chukua code.visualstudio.com.pakua.example/setup. Macho yanakimbilia Visual Studio, lakini mwenye nyumba ni pakua.example. Yaliyo kushoto kwake ni majina ya vyumba, na mwenye nyumba anaweza kuviita atakavyo. Na alama ya kufuli haikusaidii hapa, kwa sababu hata tovuti ya tapeli inaipata bila shida. Kufuli linasema mazungumzo yenu hayasikilizwi. Halisemi unazungumza na nani.

Pili, na hili ndilo ningependa ulishike hata ukiyasahau mengine: kabla hujabofya faili mara mbili, tazama nani ametia sahihi. Libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", tafuta kichupo cha "Digital Signatures". Kwa VS Code jina liwe Microsoft Corporation, kwa Python liwe Python Software Foundation. Usiishie kwenye jina. Bonyeza "Details" usome kama pameandikwa "This digital signature is OK". Kichupo kisipokuwepo kabisa, faili halina sahihi, na kwa programu hizo mbili hiyo inatosha kulifuta.

Wengi husubiri lile dirisha la Windows linaloomba ruhusa, wasome hapo mchapishaji ni nani. Ukiona "Unknown publisher" kwenye kitu kinachodai ni cha Microsoft, achana nacho. Lakini VS Code ya kawaida, ile ya mtumiaji mmoja, husakinishwa bila kuomba ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo dirisha hilo huenda usilione kabisa. Ndiyo maana nasisitiza uangalie sahihi mapema.

Sahihi ina mipaka yake. Inakwambia nani alitia mkono, haikuapii kwamba ni mtu mwema. Zipo pia programu nzuri za bure ambazo waandishi wake hawana cheti cha kutilia sahihi. Kwa hizo, linganisha alama ya faili, yaani mstari wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Kuonyesha tu namna yake, ukurasa wa matoleo wa Git for Windows kwenye GitHub huorodhesha alama hiyo, iitwayo SHA-256, ya kila faili. Fungua PowerShell kwenye folda yenye faili uandike:

```
Get-FileHash .\Git-2.47.1-64-bit.exe
```

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe wote na ule wa kwenye ukurasa, herufi kubwa na ndogo si tatizo. Ukitofautiana hata tarakimu moja, faili hilo silo. Ila alama uliyoikuta kwenye tovuti ya tapeli haina maana, kwa sababu ameiandika mwenyewe. Ndiyo maana anwani inatangulia.

Mimi siku hizi hata sipakui kwa mkono. Windows 11 inayo amri ya winget, na hii inatosha:

```
winget install -e --id Microsoft.VisualStudioCode
```

Yenyewe inajua anwani ya faili, na inalinganisha SHA-256 kabla ya kusakinisha. Hiyo `-e` pamoja na jina kamili inazuia kuokota programu nyingine yenye jina linalofanana. Na tafadhali, mtu akikupa zipu yenye nywila akakwambia uzime kinga ya virusi kwanza, usimjibu hata kwa adabu. Nywila ile imewekwa ili kinga isione ndani.

Nilimwomba yule binti asilifute faili kwanza, anitumie picha ya kichupo cha sahihi. Kilikuwepo, tena sahihi ilikuwa halali. Jina lake lilikuwa la kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Akaniuliza, "Kwa hiyo Windows ilikuwa inaniambia muda wote?" Nikamjibu ndiyo. Sasa anasubiri bando la usiku ashushe Windows.