Asilimia 44 ya madini ya chuma: mia yake ni ya nani?

Ukiona kwenye lebo kwamba kidonge cha multivitamini kina madini ya chuma asilimia 44 ya kiwango cha siku, mawazo hukimbilia zile 56 zilizobaki. Shangazi yangu, mwenye miaka 61, alitaka kuongeza kidonge cha pili kwa sababu hiyo. "Hata nusu haijafika," akaniambia.

"Shangazi, kwanza tuangalie hiyo mia ni ya nani."

Kwenye lebo za Marekani, asilimia mia ya chuma ni miligramu 18. Hicho ndicho kiasi kinachopendekezwa kwa mwanamke wa miaka 19 hadi 50, anayepoteza damu kila mwezi. Lebo hubeba namba moja kwa kila mtu kuanzia miaka 4, basi wengi wetu tunapimwa kwa kipimo kisicho chetu. Mwanamume mtu mzima na mwanamke aliyevuka miaka 50 hupendekezewa miligramu 8 tu kwa siku. Kidonge cha shangazi kilikuwa na miligramu 8, na ukigawa 8 kwa 18 unapata ile 44. Kwa umri wake, kidonge kimoja kilitimiza kiwango cha siku nzima kabla hajatia chakula mdomoni.

Ndiyo maana mimi husoma safu ya miligramu kwanza, kisha nalinganisha na kiwango cha umri na jinsia ya mtumiaji. Asilimia hainipi mengi. Lebo za Umoja wa Ulaya huhesabu mia kuwa miligramu 14, kwa hiyo kidonge kilekile kingeandikwa 57 huko. Tazama pia dozi iliyoandikwa juu ya jedwali: ikiwa ni vidonge viwili, asilimia zote ni za viwili.

Hata hiyo 8 si mpaka ambao ukishuka chini yake umeugua. Imewekwa juu makusudi ili iwatoshe karibu watu wote wenye afya, asilimia 97 hadi 98. Kwa wanawake wa umri wa shangazi, nusu yao hutoshelezwa na miligramu 5. Anayehofia upungufu apime damu, ikiwemo ferritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Lebo haiwezi kumjibu.

Vidonge viwili vingempa miligramu 16, mbali na kikomo cha juu cha mtu mzima ambacho ni 45, kwa hiyo sikumtisha. Ila mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi, na wapo waliorithi hali ya kufyonza chuma kupita kiasi, kikajazana kwenye ini bila wao kujua. Kumeza usichokihitaji kila siku, miaka nenda rudi, sioni faida yake.

Chuma ulichoandikiwa na daktari kwa upungufu wa damu ni habari nyingine. Hiyo ni dozi ya tiba, huweza kupita mia kwa mbali, na usiipunguze kwa hesabu hizi. Shangazi hakuwa na tatizo hilo, basi tukatafuta multivitamini isiyo na chuma kabisa. Nyingi za waliovuka miaka 50 hutengenezwa hivyo.