Tarakimu Zilizopigwa kwa Herufi: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kutambaza Kumbukumbu

Kazi yangu ya kwanza ya kuingiza kumbukumbu za karatasi katika kompyuta niliifanya hapa Dodoma, na nilikabidhiwa kurasa za mapokezi ya alizeti za chama kimoja cha ushirika, zilizopigwa taipu miaka mingi iliyopita: jina la kijiji upande wa kushoto, kilo upande wa kulia, na jumla chini kabisa. Nilidhani programu ya kutambua maandishi inasoma kama nisomavyo mimi, na dhana hiyo ilinigharimu wiki mbili za kurudia kazi. Ninawaandikia ninyi mnaoanza ili mjue programu hiyo inaona nini hasa.

Kwa programu, ukurasa ni jedwali la namba. Kila pikseli ina namba ya mwangaza, kuanzia 0 kwa nyeusi tii hadi 255 kwa nyeupe pe. Taipureta ya kawaida hupiga herufi 10 katika inchi moja, kwa hiyo ukitambaza kwa nukta 300 kwa inchi, kila herufi inapata upana wa pikseli 30, ambao unatosha kuonyesha tumbo la 8 na uwazi wa 3. Ukitambaza kwa nukta 100 ili faili liwe jepesi, herufi inabakiwa na pikseli 10, na uwazi ule wa 3 unaweza kuwa pikseli moja au mbili za kijivu. Kuikuza picha baadaye hakurudishi kitu, kwa sababu kilichokosekana wakati wa kutambaza hakimo tena kwenye faili.

Hatua inayofuata ndiyo iliyoniangusha. Programu huamua ni pikseli zipi ni wino na zipi ni karatasi, na njia ya kawaida ni kutafuta kizingiti kimoja cha mwangaza kwa ukurasa mzima: kilicho chini yake ni wino, kilicho juu yake ni karatasi. Skana yetu ilipoharibika nilipiga picha kwa simu kando ya dirisha, na jua la Dodoma mnalijua. Upande wa dirisha karatasi ilikuwa na mwangaza wa karibu 220 na wino uliochujuka karibu 130, ilhali upande wa kivuli cha mkono wangu karatasi yenyewe ilikuwa 110 na wino 40. Weka kizingiti kwenye 120, kivuli chote kinageuka wino, na wino wa upande wa dirisha unageuka karatasi. Ukikishusha hadi 80 unaokoa kivuli lakini maandishi ya upande wa dirisha yanabaki yamefutika, na ukikipandisha hadi 170 unayaokoa hayo na kuupoteza upande wa kivuli. Hakuna namba moja itakayofaa pande zote mbili. Dawa yake ni kizingiti kinachokokotolewa kwa kila eneo dogo la ukurasa, na katika Tesseract ya toleo la 5, ambayo ndiyo programu yetu ya kutambua maandishi, mnaweza kukiomba hivi:

```
tesseract uk12.png uk12 -l swa --psm 6 -c thresholding_method=2 -c tessedit_write_images=true tsv
```

Sehemu ya `tessedit_write_images` huhifadhi picha kama programu ilivyoiona baada ya kutenganisha wino na karatasi. Ifungueni kabla ya kulalamikia matokeo, kwa maana mkishindwa kuisoma ninyi wenyewe, programu nayo haina njia. Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba vumbi jekundu la kwetu, likiganda kwenye kioo cha skana, hugeuka nukta na koma katikati ya namba. Tangu siku hiyo kitambaa laini hakikosekani mezani pangu.

Baada ya hapo ukurasa hukatwa mstari kwa mstari, na kila mstari hupitishwa kwenye mtandao wa neva ambao huupitia kwa vipande vyembamba vya wima. Kwa kila kipande mtandao hutoa uwezekano wa kila herufi, pamoja na alama maalumu ya utupu inayomaanisha kwamba hapa hakuna herufi mpya. Herufi moja huchukua vipande kadhaa, kwa hiyo marudio hukunjwa kuwa moja, isipokuwa pale utupu unapoyatenganisha. Sisi wenye maneno kama «juu» na «saa» tuna sababu ya kulikumbuka jambo hilo: wino ukivuja hadi herufi mbili zikashikana, utupu wa katikati unaweza kukosekana, na «juu» ikatoka «ju». Mtandao pia umejifunza ni herufi zipi hufuatana katika lugha, ndiyo maana tunaandika `-l swa`. Tukiliacha hilo, programu huchukulia kwamba ni Kiingereza.

Mazoea hayo ya lugha huokoa maneno, lakini namba hayaziokoi. Neno «alizeti» likiwa na z iliyofifia, herufi za jirani zinaelekeza jibu. Katika 311 hakuna jirani anayejua kwamba tarakimu ya kwanza ni 3 na si 8.

Sasa njooni kwenye ukurasa wenyewe. Kilo zilikuwa 311, 140, 226 na 98, na jumla iliyopigwa chini ilikuwa 775. Programu ilitoa `3ll`, `l4O`, `226` na `98`. Nilipoziingiza kwenye programu ya majedwali na kuomba jumla, nilipata 324, bila onyo lolote, kwa sababu visanduku viwili vya kwanza vilihesabiwa kuwa maneno na vikarukwa. Niliilaumu programu ya kutambua maandishi bure. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, hivyo mpigaji alitumia l ndogo, na wengine walitumia O kubwa badala ya sifuri. Programu ilikuwa imetambua sawasawa kilichopigwa. Marekebisho ni kugeuza l kuwa 1 na O kuwa 0, lakini katika safu ya kilo pekee, msije mkaharibu majina ya vijiji. Kuilazimisha programu itoe tarakimu tu sikupendekezi, kwa kuwa hata doa la chai litalazimika kuwa tarakimu fulani.

Baada ya marekebisho hayo linganisheni jumla. Katika nakala nyingine ya ukurasa huohuo, iliyopigwa kwa karatasi ya kaboni, nilipata 1,275. Tofauti na 775 ni 500 kamili, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye mamia, na tarakimu mbili zinazopishana kwa 5 na kufanana kwa umbo ni 3 na 8. Nilikwenda moja kwa moja kwenye 311 nikaikuta imesomwa 811. Iwapo hesabu yenu haipatani na jumla ingawa kila tarakimu mmeihakiki kwa macho, huenda karani wa zamani alikosea kujumlisha. Iacheni jumla yake kama ilivyo na muandike maelezo pembeni.

Faili la `tsv` linalotolewa na amri ile lina safu iitwayo `conf`, inayoonyesha programu ina uhakika kiasi gani na kila neno, hadi 100. Mimi huanza kuhakiki kwa zenye alama za chini, ila 811 ile ilikuwa na alama za juu, kwa sababu kaboni ilikuwa imeziba uwazi wa 3 vizuri kabisa na kilichobaki kilikuwa 8 safi. Kurasa zilizojazwa kwa mkono sizipitishi kabisa kwenye programu hii, maana imefunzwa kwa maandishi ya chapa. Hizo tunazichapa wenyewe, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika.