Kabla hujaandika kwamba gurudumu linajirekebisha

Wadogo zangu mlioingia chumba cha takwimu mwaka huu, wiki hii nimesoma ripoti mbili za majaribio, na zote zina sentensi ileile: baada ya nyekundu tatu mfululizo, meza ya ruleti huelekea kurudi kwenye nyeusi. Sentensi hiyo naijua vizuri. Niliwahi kuiandika mimi, ikamuumiza mtu asiye na kosa. Ndiyo maana leo sikurudisha ripoti zenu na alama nyekundu tu, nimeona bora nikae niandike.

1. Ubao wa matokeo hautabiri kitu

Kila meza ya ruleti ina ubao unaoonyesha namba zilizopita. Mteja anautazama, anaona nyeusi sita zimepangana, anasukuma chipu zote kwenye nyekundu akisema "sasa lazima igeuke". Ubao hausemi uongo, namba zilitoka kweli. Kosa ni kudhani mpira umeziona.

Gurudumu la meza zetu lina matundu 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja ya kijani. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakapoteza mamilioni kwa kuirundikia nyekundu kadiri mfululizo ulivyorefuka. Ukikokotoa kabla meza haijafunguliwa, uwezekano wa nyeusi 26 kwa mpigo ni kama 1 kati ya milioni 137. Lakini aliyeweka hela baada ya nyeusi ya 25 hakuwa akicheza na namba hiyo. Nyeusi 25 zilikuwa zimeshatokea, hazina gharama tena. Yeye alikuwa na mzunguko mmoja tu mbele yake, na nyeusi ilikuwa na matundu yake 18 kati ya 37, kama jana na kama juzi.

Nanyi mnalijua hili darasani. Linawaponyoka mkiona data ndefu, kwa sababu mnadhani matokeo ya nasibu yanapaswa kuonekana yamechanganyika vizuri. Fanyeni zoezi ninalompa kila mgeni: andika kwa kubuni matokeo 100 ya shilingi, kisha rusha shilingi kweli mara 100. Waliobuni karibu wote huogopa kuandika kichwa mara tano mfululizo. Shilingi haiogopi. Katika mirusho 100, uwezekano wa kupata mfululizo wa tano au zaidi wa upande wowote ni kama asilimia 97. Nikiona karatasi isiyo na mfululizo wa tano, najua mwenyewe alikaa kwenye kiti akabuni.

2. Kosa langu, na lenu

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Meneja aliniletea rekodi za meza moja, karibu miezi mitatu, mizunguko 30,000 baada ya kuondoa sifuri. Alikuwa na wasiwasi kwa sababu wateja wawili walishinda sana pale kwa kubadilisha rangi baada ya mfululizo. Akauliza, je, gurudumu lina ugonjwa?

Nikagawa data vipande 300 vya mizunguko 100. Ndani ya kila kipande nikatafuta kila mahali nyekundu ilipotoka mara tatu mfululizo, nikahesabu ni asilimia ngapi ya mizunguko iliyofuata ilikuwa nyekundu tena. Nikapata orodha ya asilimia, moja kwa kila kipande, nikachukua wastani wake. Ukaja asilimia 46. Kwa data nyingi kiasi kile, pengo la nne kutoka hamsini haliwezi kuwa ajali. Nilihakiki mara mbili. Nikaandika kwamba gurudumu linapinga mfululizo, na kwamba ama limepinda, ama mrushaji ana namna.

Maneno hayo ya mwisho, "ama mrushaji ana namna", sikuwa na ushahidi wowote nayo. Niliyaandika kwa sababu ripoti ilionekana pungufu bila sababu. Gurudumu likateremshwa, likapimwa kwa pima maji, likakaguliwa vizuizi vyote. Mrushaji wa zamu ya usiku, kaka mmoja mtulivu ambaye alinifundisha kusoma chipu kwa rangi nilipoanza, akasimamishwa wiki tatu bila malipo. Mke wake alikuwa ametoka kujifungua. Mimi nilipita pale mlangoni siku anaondoka na sare yake kwenye mfuko wa plastiki, nikamsalimia, naye akaitikia vizuri tu.

Gurudumu likarudi likiwa zima kabisa. Hapo ndipo mama mmoja wa idara ya hesabu, aliyekuwa mkubwa wetu sote, aliponiita. Hakufungua kompyuta. Aligeuza risiti, akaniambia, "Mwanangu, tuanze na shilingi mara tatu tu." Akaandika K kwa kichwa na M kwa mwenge, mistari minane yote inayowezekana:

```
KKK   2 kati ya 2
KKM   1 kati ya 2
KMK   0 kati ya 1
KMM   0 kati ya 1
MKK   1 kati ya 1
MKM   0 kati ya 1
MMK   hakuna
MMM   hakuna
```

Upande wa kulia ni swali lilelile la ripoti yangu kwa kipimo kidogo: kila kichwa kinapotoka na bado kuna mrusho unaofuata, mara ngapi unaofuata nao ni kichwa? Mistari miwili ya mwisho haina jibu, tunaiacha. Akaniambia nichukue wastani wa asilimia za mistari sita. Nikajumlisha 1, nusu, sifuri, sifuri, 1, sifuri, nikapata mbili na nusu, nikagawa kwa sita. Tano kati ya kumi na mbili, yaani karibu asilimia 42. Shilingi ya haki kabisa, na wastani unaonyesha kwamba kichwa kinakimbia kichwa.

Kisha akasema, "Sasa acha asilimia. Jumlisha juu, jumlisha chini." Vilivyofaulu ni 2 na 1 na 1, yaani 4. Nafasi zote ni 2, 2, 1, 1, 1, 1, yaani 8. Nne kati ya nane. Nusu.

Tazameni mstari wa KKK. Una nafasi mbili na zote zimefaulu, lakini kwenye wastani wa asilimia umepewa kura moja, sawa na KMM ambao una nafasi moja iliyoshindwa. Vichwa hujikusanya kwenye mistari michache, na wastani wa asilimia unaipa mistari hiyo uzito mdogo kuliko inaostahili. Kwa vipande vya mirusho 100 na mfululizo wa tatu, upotofu huo hushusha hamsini hadi karibu 46. Namba yangu. Nilikuwa nimepima kikokotoo changu, si gurudumu.

Usiku ule nikarudia bila kugawa vipande: nyekundu tatu mfululizo zilifuatwa na mzunguko mwingine mara 3,630, na nyekundu ikatoka tena mara 1,809. Asilimia 49.8. Asubuhi nikaandika ripoti ya kujisahihisha, nikaipeleka mwenyewe kwa meneja, kisha nikaenda nyumbani kwa yule kaka. Alirudishwa kazini na kulipwa wiki zake. Wale wateja wawili? Walibahatika, na kati ya mamia waliocheza kwa mtindo uleule ndio tuliowakumbuka.

Ripoti zenu zote mbili zina wastani wa asilimia. Moja ina vipande vya mizunguko 20, na kadiri kipande kinavyokuwa kifupi ndivyo upotofu unavyozidi. Jumlisheni juu na chini kwanza.

3. Dubwi halishibi

Wateja husema mashine ya dubwi imekula sana, sasa lazima iteme. Kila unapobonyeza, programu inachukua namba mpya ya nasibu, na kiasi ilichomeza jana hakimo kwenye hesabu hiyo. Mashine iliyowekwa kurudisha asilimia 94 inaifikia kwa sababu mizunguko ni mamilioni. Haina deni la kumlipa mtu wa jioni. Na yule dada aliyelia kwamba aliinuka tu, aliyemfuata akapiga jakpoti: angebaki angebonyeza sekunde nyingine, na namba ingekuwa nyingine. Ila someni kadi ya mashine, kwa sababu baadhi ya jakpoti hupangwa kutoka kabla ya kufika kiasi fulani, na hizo zina hesabu yake.

Karata pia ni jambo tofauti. Kasha la karata likitolewa wafalme, wafalme wamepungua kweli hadi zichanganywe upya.

4. Mkono uliowaka

Mteja yuleyule anayesema "nyeusi imetosha" ndiye atakayesema "leo nimewaka, niongeze dau". Rachel Croson na James Sundali walitazama video za meza za ruleti za kasino moja ya Reno, Nevada, na katika utafiti wao wa mwaka 2005 wakakuta imani zote mbili. Rangi ikirudia, watu wanatarajia igeuke. Mtu akishinda, anatarajia aendelee. Meza moja, mpira mmoja.

Hapa nanyi msikimbilie kusema kila mfululizo ni ndoto. Mwaka 1985 Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walichunguza mpira wa kikapu wakasema mkono wa moto ni imani tu. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla Joshua Miller na Adam Sanjurjo, mwaka 2018, kuonyesha kwamba kipimo kile kilikuwa na upotofu uleule wa risiti ya yule mama. Mchezaji wa kiwango kisichobadilika, anayefunga nusu ya mitupo yake, angetarajiwa kuonyesha kama asilimia 46 baada ya mitupo mitatu mizuri mfululizo, katika jumla ya mitupo 100, si 50. Kwa hiyo aliyeonyesha 50 huenda alikuwa amewaka kweli. Waliporekebisha data ileile, mkono wa moto ukajitokeza.

Nikisoma hilo bado moyo unapoa kidogo, kwa kuwa walioteleza pale ni magwiji. Lakini mtupaji wa kikapu ana misuli, ana usingizi mzuri au mbaya, ana mlinzi anayemkaba. Mpira wa ruleti hauna hata kimoja, ndiyo maana nikiona "meza iko moto" kwenye ripoti naikata.

5. Madogo

Changanya data yako kwa nasibu mara elfu, rudia kipimo kilekile, uone kinatoa ngapi pasipo na kitu chochote. Mimi ningeona 46 siku ileile. Andika idadi ya nafasi pembeni ya kila asilimia. Usiweke mtu kwenye sentensi ya sababu kama hujamfanyia uchunguzi.

Risiti ya yule mama iko kwenye droo yangu ya juu, wino umefifia. Kesho saa mbili njooni na shilingi.