Hela iliyotangulia haijaahirishwa

"Shikamoo Mwalimu. Natunza hesabu za kampuni ndogo hapa Mtwara. Tunakodisha programu ya mauzo na stoo kwa wenye maduka. Mteja analipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, sisi tunahesabu mapato yake mwezi kwa mwezi. Ile sehemu iliyobaki nimeiandika 'mapato yaliyoahirishwa'. Bosi anasema Kiswahili hicho hakipo, mapato ni mapato, hela si imeshaingia? Nani yuko sahihi?" (Msomaji wa Shangani, Mtwara)

Marahaba, binti yangu. Wewe umekosea neno, bosi wako amekosea kitu chenyewe. Lako tutalimaliza kwa dakika tano. Lake nimelisikia miaka yote hii, madukani, vikaoni, hata kwa wasomi wenye tai, na leo sitalipita kimya.

"Hela imeingia, kwa hiyo ni mapato." Bosi wako atajitetea kwamba mapato yametokana na kupata, kama mavuno yalivyotokana na kuvuna na mauzo na kuuza, na yeye hela ameipata, ameiona kwenye simu kwa macho yake. Hapo ndipo anapoteleza. Kupokea si kupata. Jirani akisafiri kwenda Masasi, mzigo wake ukashushwa kwako, umeupokea. Ukiufungua na kuanza kuvaa nguo zilizomo kwa hoja kwamba umezipata, mtaa mzima utakuwa na neno jingine la kukuita.

Na sisi watu wa kusini hatuna udhuru wa kutolijua hili, maana tumezaliwa na kangomba. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni chombo cha kupimia korosho, na jina hilo likaja kuwa la ile biashara iliyopigwa marufuku ya kuuza korosho nje ya utaratibu, mara nyingi zikiwa bado ziko mtini, au hata ua halijachanua. Ni mwezi wa pili, chakula kimepungua, mtoto anadaiwa sare. Anakuja mtu na hela mkononi. Mkulima anapokea, wanakubaliana idadi ya magunia, wanaagana. Sasa nikuulize: siku ile mkulima amepata mapato gani? Mkorosho hata haujatoa ua! Alichokipata siku ile ni deni la magunia. Msimu ukifika, wenzake wanapeleka korosho chama cha msingi zikasubiri mnada, yeye anabeba zake usiku kumpelekea mdai. Gunia la kwanza likifika, deni limepungua kwa gunia moja, na hapo ndipo ile hela ya mwezi wa pili, kiasi cha gunia moja, inapokuwa yake kweli. Gunia la pili, vivyo hivyo. Hela aliila zamani; anaistahili sasa, gunia kwa gunia.

Nimelisema hili katika kikao kimoja mjini Lindi, mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Mwalimu, unatukumbusha tuliyolipa kwa jasho." Naam. Basi mwambie bosi wako kwamba mwenye duka akimlipa ada ya mwaka, yeye ndiye mkulima wa mwezi wa pili. Tofauti ni kwamba yeye hapunjwi, wala hatembei usiku.

Tuje kwenye kazi yenu, maana neno bila hesabu litaning'inia. Tuseme ada yenu ni shilingi 730,000 kwa mwaka. (Nimeichagua makusudi, kwa siku 365 inatoka 2,000 kwa siku, nami hesabu za sehemu zinaniumiza kichwa.) Mwenye duka analipa tarehe 2 Oktoba 2025, minada ya korosho ikikaribia na mji ukianza kunukia hela. Mnamfungulia programu tarehe 16 Oktoba, na mkataba unasema mwaka wake unaanza siku hiyo.

Tarehe 2 Oktoba unadebiti Benki 730,000 na kukrediti akaunti ya deni, ile uliyoikosea jina, 730,000. Mapato ya siku hiyo ni sifuri. Ndiyo, sifuri, na bosi anune akitaka. Yanaanza tarehe 16, mteja anapoweza kuingia na kutumia, kwa sababu kinachouzwa hapa ni kule kuwa wazi kwa programu siku baada ya siku. Oktoba ina siku 16 zilizobaki ukihesabu na ya 16 yenyewe, kwa hiyo mwisho wa mwezi unadebiti akaunti ya deni 32,000 na kukrediti Mapato 32,000. Novemba ni 60,000. Desemba 62,000. Hesabu za mwaka zikifungwa tarehe 31 Desemba, mteja huyu amewaletea mapato ya 154,000. Zile 576,000 zilizobaki ni siku 288 ambazo bado mnamwomba Mungu uhai ili mzitimize.

Wapo wanaogawanya tu kwa 12 na kuandika mapato ya mwezi mzima wa Oktoba hata kama mteja ameanza katikati. Wakiwa na wateja wanaoanza tarehe mosi, sawa. Wakiwa na wa tarehe 16 na 28, wamejizawadia siku ambazo hawajazifanyia kazi.

Utajuaje kwamba umepatia? Chukua orodha ya wateja, andika mbele ya kila mmoja siku zilizobaki, zidisha kwa ada yake ya siku, jumlisha. Jumla hiyo lazima ilingane na salio la akaunti ya deni kwenye leja. Isipolingana, kuna mteja aliyesahauliwa, au kuna mtu aliyeingiza malipo moja kwa moja kwenye Mapato, na kwa maelezo yako namshuku nani. Dalili nyingine unaiona bila kalamu: taarifa inayoonyesha faida kubwa Oktoba, kisha hasara kila mwezi hadi Septemba, ilhali wateja ni walewale na kodi ya seva inalipwa kila mwezi. Biashara haikuugua. Mwandishi wa hesabu ameandika tarehe za malipo akidhani anaandika tarehe za kazi. Nimemwona mwenye kampuni mmoja, simtaji, aliyenunua pikipiki mbili kwa "mapato" ya Oktoba. Februari seva ikazimwa kwa kutolipiwa, wenye maduka wakaanza kudai miezi yao. Walikuwa wakidai nini, kama hela ile ilishakuwa mapato yake?

Bosi anaweza kukujia kwa mlango wa pili, akasema kuna mteja aliyefunga duka mwezi mzima kwa msiba wala hakugusa programu, kwa hiyo mwezi huo usihesabiwe. Hapana. Programu ilikuwa wazi na nyinyi mlikuwa tayari. Siku zimepita, ada yake imestahiliwa. Lakini kama mngekuwa mnauza programu ya kuwekwa kwenye kompyuta ya mteja, ikafanya kazi humo bila nyinyi kuwepo, mambo yangebadilika. Hapo mmemkabidhi haki ya kutumia, na sehemu kubwa ya bei ingeweza kuhesabiwa mara moja, siku anapoweza kuanza kuitumia. Mafunzo ya siku mbili kwa wauzaji wake, kama mngeyatoza na angeweza kuyapata hata kwa mwingine, yangehesabiwa kivyake mkishafundisha. Yenu ni ya kukodisha kwa mtandao, kwa hiyo ni siku kwa siku.

Kumbe nimesahau neno lako.

Ahirisha limetokana na Kiarabu, huko kuna mzizi wa kuchelewesha, na Kiswahili kimelipokea na maana yake. Tunaahirisha kikao. Tunaahirisha kesi. Tunaahirisha harusi kwa sababu mjomba hajafika kutoka Newala. Katika zote hizo kuna siku iliyopangwa, na jambo halikufanyika siku hiyo. Sasa mapato ya Machi ya mteja wako yalipangwa lini yakaahirishwa? Yalipangwa Machi, na yatafika Machi, bila kuchelewa hata siku moja. Kilichovunja foleni ni hela, ambayo imewahi miezi mitano. Neno lako linamlaumu aliyekuja kwa wakati na kumwacha aliyewahi.

Na kwa kitu kinachowahi tunalo neno, kila mtu sokoni analo: kutanguliza. "Nimetanguliza elfu hamsini." Fundi cherehani analijua, mwenye nyumba wa Mikindani anayetaka kodi ya miezi sita analijua zaidi. Iite akaunti hiyo Ada zilizotangulizwa, uiweke upande wa dhima, na msomaji wa mizania ataelewa kwamba watu wametoa hela zao na wanasubiri. Tena neno mapato halimo ndani yake, kwa hiyo bosi hana pa kushika.

Mkaguzi atakuambia kwamba kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 15, kinachotumika tangu 1 Januari 2018, kinaiita dhima ya mkataba. Ni kweli, na si jina baya. Dhima ni Kiarabu kilichokomaa kwetu, maana yake wajibu ulio shingoni. Lakini kiwango hichohicho hakikatazi jina jingine kwenye mizania, kwa hiyo usitishike. Mkaguzi akiendelea kuandika "mapato yaliyoahirishwa", mwache. Ni kijana, amefundishwa hivyo, na hesabu zake zitatoka sawa.

Kuna "kutambua mapato" pia, najua utaniuliza. Miaka mingi nililipiga vita. Kwangu mimi tunatambua mwizi kwenye gwaride, na tunatambua maiti, mapato tunayahesabu. Nilishindwa. Bodi, vyuo, wakaguzi, wote wanatambua. Basi tambueni, lakini tarehe 16, siyo tarehe 2.